Vidonge vya kusogeza hedhi Ramadhani: hesabu ya wifi yangu

Shaaban ikifika nusu, wanawake wa Ujiji huanza kuniuliza swali moja, na mara nyingi hawaniulizii kliniki. Huniuliza sokoni, kwenye shughuli, au tukitoka msibani, mtu ananivuta pembeni: "Dada nesi, hivi vidonge vya kusogeza siku, vina madhara?" Mimi ni muuguzi mkunga, ni Muislamu, nimezaliwa na kuolewa huku huku Kigoma, kwa hiyo najua anachouliza na najua pia asichokisema. Jibu langu ni kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliyepimwa na kuulizwa maswali yanayostahili, akavitumia kwa siku chache, vidonge hivyo kwa kawaida havina hatari kubwa. Ila wengi wanaoniuliza hawajapimwa, na hawataki siku chache, wanataka mwezi mzima. Ndipo mambo yanapoharibika, kiafya na kiibada vilevile.

Nitaeleza yaliyompata wifi yangu, kwa idhini yake. Ameolewa Ujiji, ana biashara ya dagaa, anakwenda Kibirizi alfajiri na kurudi mchana. Hedhi yake inakwenda kwa mpangilio mzuri, kila baada ya siku 28, na inakaa siku 6. Mwaka huo alipopiga hesabu aliona itamwangukia siku ya 18 ya mfungo. Yeye anaishi ukweni, nyumba ya watu wengi, na baba mkwe ndiye anayewaamsha watu daku. Asiyeamka anajulikana. Asiyeonekana kwenye safu ya tarawehe anajulikana pia. Akaniambia baadaye, "Wifi, kula nimejificha nyuma ya banda la kuku, na watoto wananichungulia, nimechoka." Na lingine ambalo nadhani ndilo zito zaidi: deni la kulipa. Ramadhani mji mzima umefunga na wewe, futari ziko tele, unaona siku zinakwenda. Ukifika wakati wa kulipa unafunga peke yako, umezungukwa na watu wanaokula, jua la Kibirizi linakuwakia kichwani, na hakuna wa kukupikia hata uji.

Akaenda duka la dawa, akasema anataka vya kuzuia siku. Akauziwa bila swali hata moja. Aliponionyesha ule ukanda wa vidonge, niliugeuzageuza mkononi. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi kutoka kwenye ukanda mkubwa, na mkato umepita pale pale penye tarehe ya mwisho wa matumizi. Karatasi ya maelezo hakupewa. Jina la dawa lilisomeka nusu, lakini lilitosha: norethisteroni, miligramu 5. Wengi wanaifahamu kwa jina la Primolut.

Hiyo ndiyo dawa inayotumika sana kwa kazi hii, na inafaa kuielewa inafanyaje. Kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba hujengeka, na homoni iitwayo projesteroni huushikilia. Homoni hiyo ikishuka, ukuta unabomoka, damu inatoka. Norethisteroni ni dada wa projesteroni aliyetengenezwa kiwandani. Ukiimeza kabla homoni yako haijashuka, ukuta unaendelea kushikiliwa. Ukiacha kumeza, baada ya siku 2 au 3 hivi hedhi inakuja. Kwa hiyo damu haijafutwa, imesogezwa tu. Utaratibu wake ni kuanza siku 3 kabla ya siku unayotarajia hedhi, kidonge kimoja mara 3 kwa siku. Ukianza damu ikiwa imeshaonekana, umechelewa.

Tatizo la Ramadhani liko kwenye hiyo mara 3. Dawa hii inatakiwa iachane kwa takriban saa 8, ili kiasi chake mwilini kisishuke sana. Sasa angalia saa zetu. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua letu linazama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Redio inapoadhini Magharibi ya Dar, sisi bado tunasubiri. Mwezi Machi tunafuturu kwenye saa moja na robo jioni, na mlango wa kula unafungwa karibu na saa kumi na mbili alfajiri. Ukimeza kidonge kwenye futari, kingine saa sita usiku na cha mwisho kwenye daku saa kumi na moja, basi kati ya daku na futari ya pili yake kuna zaidi ya saa 14 mwili hauna kipya. Wapo ambao ukuta wao unavumilia pengo hilo. Wapo ambao unaanza kuachia kidogo kidogo, na hapo yanaonekana matone.

Wifi alianza siku ya 15 ya mfungo, hilo alilifanya sawasawa. Lakini saa sita usiku alikuwa amelala, amechoka, kwa hiyo alimeza viwili tu, futari na daku. Siku ya 18 ikapita kavu, akafurahi. Siku ya 20 mchana akaona tone la rangi ya kahawia. Akanyamaza, akaendelea na saumu. Siku ya 21 likaja jingine, likakatika, usiku likarudi. Siku ya 22 akaja kwangu, amejifunika ushungi mpaka kwenye macho, akasema, "Wifi, hii ni hedhi au si hedhi?"

Nilianza na upande wangu. Kwanza kipimo cha mimba, kwa sababu mwanamke aliyeolewa akitokwa na matone, hata kama anameza dawa hii, lazima ujue kwanza kama hana ujauzito. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui: norethisteroni ikitumika hivi kwa kusogeza siku haizuii mimba. Wanandoa wanaotegemea kwamba "nipo kwenye vidonge" usiku wa Ramadhani wanajidanganya. Kipimo kilionyesha hana. Nikampima presha, ilikuwa nzuri. Nikamuuliza kama amewahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda, au ndugu zake wa damu wamewahi. Nikamuuliza kipandauso, hasa kile kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Nikamuuliza ini, uvimbe wa titi, na kama huko nyuma amewahi kutokwa na damu isiyoeleweka kati ya hedhi na hedhi. Nikamuuliza dawa nyingine anazomeza, maana dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni hizi. Yote alijibu hapana. Maswali hayo hayachukui hata robo saa, na ndiyo aliyopaswa kuulizwa kabla ya kukabidhiwa kile kipande cha ukanda.

Sababu ya kuulizia damu kuganda ni hii. Watu huambiwa norethisteroni ni homoni ya aina moja tu, kwa hiyo haina shida za vidonge vya majira. Kwa dozi ndogo sana hilo lina ukweli. Lakini kwa miligramu 15 kwa siku, sehemu ya dawa hii hugeuka mwilini kuwa estrojeni, kiasi kinachokaribiana na kile kilichomo kwenye vidonge vya majira vyenye homoni mbili. Estrojeni ndiyo inayoongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa msichana mwembamba mwenye afya uwezekano huo ni mdogo mno. Kwa mwanamke mnene, mwenye presha, mvutaji sigara, aliyejifungua karibuni au aliyewahi kuganda damu, si wa kupuuzwa, na mwili uliokaukiwa maji kwa mfungo, kisha ukakaa kwenye basi au treni mchana kutwa, unauongeza. Mtu wa namna hiyo simpi baraka zangu hata akinililia. Ikiwa ana sababu nzito, kama vile Hija, aende kwa daktari achaguliwe dawa nyingine ya jamii hiyo isiyogeuka estrojeni kwa kiasi hicho.

Nilimweleza wifi kwamba matone yale huenda yametokana na dozi pungufu na lile pengo la mchana. Akimeza vitatu huenda yakakoma, huenda yasikome, hakuna dhamana. Kuhusu saumu yake nikamwambia, "Hilo si la nesi. Nenda kwa bibi." Bibi ni mwalimu wa madrasa ya wanawake mtaani kwetu, amefundisha mama zetu. Wifi akaona haya, hakwenda. Akaongeza dozi. Siku mbili zilizofuata alikuwa na kichefuchefu, daku haipandi, matiti yanamuuma na kichwa kinagonga. Haya ni maudhi ya kawaida ya dawa hii, hayaui mtu, lakini mfungaji aliyetapika daku ana mchana mrefu. Usiku wa kuamkia 25 akaviacha.

Siku ya 26, baada tu ya kufuturu, damu ikaja kwa wingi. Usiku wa kuamkia 27, ambao ndio hasa alioupigania, alikuwa chumbani amejikunja na maumivu, wenzake wako msikitini. Damu ile ikakaa siku 6, ikamkuta hadi Idi.

Sasa tumfuate kwa hesabu kana kwamba hakumeza chochote. Hedhi ingekuja siku ya 18, ingekatika siku ya 23, angeoga, na siku ya 24 angekuwa amefunga. Usiku wa 25, wa 27 na wa 29 angekuwa kwenye safu. Deni lake lingekuwa siku 6.

Baada ya Idi ndipo alipokwenda kwa bibi, nami nikamsindikiza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamuuliza tarehe moja moja. Sisi huku wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa madhehebu hiyo hedhi haipungui mchana na usiku kamili, wala haizidi siku 15. Kama matone yale yangekuwa peke yake, yakakusanywa yasifike saa 24, yasingekuwa hedhi, na saumu zake zingesimama. Lakini yalifuatiwa na damu kamili, na kuanzia tone la kwanza la siku ya 20 hadi damu ilipokatika baada ya Idi hazikuvuka siku 15. Kwa hiyo, bibi akasema, kauli inayotegemewa ni kwamba muda wote huo unahesabiwa hedhi moja, pamoja na zile siku zilizokuwa kavu katikati. Wapo wanavyuoni wanaosema siku kavu ni twahara, lakini akamshauri alipe zote ili moyo utulie. Mwezi uliandama wa 29. Kutoka 20 hadi 29 ni siku 10.

Wifi alilia pale pale kwenye mkeka. Alikuwa amefunga siku zile kwa shida, na kichwa kinamuuma, na hazikuhesabiwa. Bibi akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, nani alikuambia kuwa kula kwako siku zile ni upungufu? Aliyekuamrisha kufunga ndiye aliyekuamrisha kula." Akamkumbusha Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, alipoingia kwenye siku zake akiwa safarini Hija akalia, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba hilo ni jambo Mwenyezi Mungu aliloliandika kwa mabinti wa Adam. Na ni Bibi Aisha huyo huyo aliyesimulia kwamba wao waliamrishwa kulipa saumu na hawakuamrishwa kulipa sala. Huwa natamani maneno haya yasomwe kwa sauti kwenye nyumba ambazo mwanamke anakula amejificha.

Kuhusu kidonge chenyewe, bibi hakusema ni haramu. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaruhusu kwa sharti kwamba hakimdhuru, na wanaona kuacha maumbile yaende ndiyo bora. Damu ikizuilika kweli na mwanamke akabaki kavu, saumu yake inasihi. Nami kama muuguzi sina ugomvi na kauli hiyo. Ugomvi wangu ni na namna kinavyouzwa na kinavyomezwa.

Wanaoamua kukitumia huwaambia waje mapema, Rajabu au mwanzo wa Shaaban, na wawe wameandika tarehe za hedhi angalau tatu mfululizo. Ambaye siku zake hazitabiriki hajui aanze lini, kwa hiyo kwake dawa hii ni bahati nasibu. Anayetumia sindano ya miezi mitatu au kijiti asijiongezee kidonge juu yake bila kumwona mtaalamu. Na siku ziwe chache. Wiki moja hadi siku 10, isizidi wiki mbili. Kutaka kusogeza mwezi mzima kwa norethisteroni ni kualika matone, na matone, kama ilivyokuwa kwa wifi, ndiyo yanayokuacha hujui umefunga au hujafunga. Mwanamke aliye kwenye hedhi yake ya kawaida anajua kabisa anadaiwa ngapi.

Kwa ambaye tayari anatumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, njia yake ni nyepesi zaidi. Ile pakiti ya 28 ina 21 vyeupe vyenye homoni na 7 vya kahawia vyenye madini ya chuma tu, na hedhi huja akiwa kwenye hivyo vya kahawia. Akimaliza vyeupe anaruka vya kahawia na kuanza pakiti mpya siku inayofuata. Ni kidonge kimoja kwa siku, usiku baada ya futari, hakuna pengo la mchana la kupigana nalo. Lakini asiyekuwa navyo asivianze wiki ya mwisho ya Shaaban, kwa sababu miezi ya mwanzo huwa na matone mengi, na navyo vinahitaji kupimwa presha na kuulizwa maswali yale yale. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga havimfai, na vile vya homoni moja anavyopewa yeye havisogezi hedhi kwa uhakika. Na wale mabinti wanaomeza P2 kwa nia hii, tafadhali. P2 ni ya dharura ya kuzuia mimba. Huvuruga tarehe, na mara nyingine huleta damu mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Ukiwa umemeza chochote kati ya hivi, ukaona mguu mmoja umevimba na unauma kwenye misuli ya nyuma, au pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma, au kichwa kinauma kwa namna usiyoizoea na macho yanaona ukungu, fungua saumu, acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Waambie umemeza nini. Usione haya kulitaja.

Wifi alilipa siku zake 10. Tulipanga naye Jumatatu na Alhamisi, mimi nikilipa zangu, tunafuturu kwake au kwangu, mihogo ya nazi na mgebuka wa kukaanga, na alimaliza kabla Rajabu haijaingia. Baba mkwe naye alizungumziwa na mwanawe, kwa adabu, na tangu hapo chakula cha mchana cha wasiofunga kinapikwa waziwazi jikoni, na watoto hawafukuzwi.

Shaaban iliyofuata alikuja na kalenda yake. Kuanzia ile damu ya siku ya 26, hedhi 12 za siku 28 zilikuwa zimempeleka hadi siku ya 8 ya mfungo mpya. Ingekatika siku ya 13, na nyingine ingekuja Idi imeshapita. Kumi lote la mwisho lilikuwa lake bila kumeza kitu. Nilimpima presha hata hivyo, nikaiandika kwenye kadi yake, akaenda zake Kibirizi kuanika dagaa.